Shukrani kwa usaili wa leo: nafasi ya Msimamizi wa Ubora wa Korosho

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa jopo la usaili,

Habari za jioni. Nashukuru kwa kunipokea leo asubuhi hapo Mtwara na kwa kunisikiliza kwa utulivu, ingawa nje palikuwa na wenzangu wengi wanaosubiri zamu.

Lile swali la mjumbe anayesimamia maghala nimeondoka nalo. Lori la chama cha msingi limefika, mvua zimeshaanza, sampuli za bambo zinasoma unyevu wa asilimia 12, na nyuma kuna foleni. Nilisema singelirudisha lori zima wala singelipitisha kwa kuwaonea watu huruma, bali ningetenga magunia yaliyozidi asilimia 10 na mengine yaendelee kupokelewa. Akaniuliza, "Na hayo uliyoyatenga?" Muda ukawa umekwisha, kwa hiyo naomba nimalizie hapa.

Yakae juu ya chaga, mbali na rundo kuu, na jua likitoka yamwagwe kwenye turubai na kugeuzwa mara kwa mara. Yakishakauka yapimwe upya, ndipo stakabadhi iandikwe. Kuanika si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye mizani: gunia la kilo 80 likishuka kutoka unyevu wa asilimia 12 hadi 10 linabaki na kilo 78 na kidogo. Kwa mkulima ambaye hakuwepo, hizo kilo mbili kasoro zimeibwa, na huwezi kumlaumu. Ndiyo maana ningetaka karani wa chama chake awepo mara zote mbili, uzito na unyevu wa kabla na wa baada viandikwe kwenye fomu moja, naye asaini na kubaki na nakala. Sampuli ya kukata nayo ichukuliwe baada ya kukausha, mbele yake, aone mwenyewe kokwa nzuri na zilizooza.

Mlipogusia mpango wa kupeleka vipima unyevu kwenye vyama vya msingi kabla ya msimu, nilifurahi sana. Gunia lenye maji likigundulika kijijini, linaanikwa hukohuko bila gharama ya lori. Ninakofanya kazi sasa ndicho kifaa ninachokitumia kila siku ya mapokezi, na kuwafundisha makarani kukitumia ni jukumu ambalo ningelipokea kwa mikono miwili.

Nakala ya cheti mliyoiomba nimeiambatisha. Wadhamini wangu wawili wana taarifa kwamba huenda mkawapigia, na mimi napatikana wakati wowote kwa namba iliyo kwenye barua yangu ya maombi.

Naomba salamu zangu zimfikie pia dada wa mapokezi aliyenielekeza ukumbini.

Wenu katika ujenzi wa ushirika,

Zainabu
(niliyesailiwa saa 4 asubuhi)