Barua ya Shukrani

Ngamiani, Tanga
14 Julai 2025

Kwa Mzee Salim,
Duka la jumla la unga

Mzee wangu, shikamoo.

Ninakuandikia kukushukuru kwa mifuko 22 ya unga wa ngano uliyonikopesha tangu Machi hadi mwisho wa Mei, wakati mvua za masika zililowesha kuni zangu zote, paa la tanuri likavuja, na wateja wangu wawili wa jumla wakachelewa kunilipa kwa zaidi ya mwezi mzima. Hukudai dhamana wala hukupandisha bei kwa sababu ya mkopo, jambo ambalo wengine hulifanya bila haya.

Sijasahau ile Jumamosi nilipokuja kukueleza kwamba sina hata nauli ya mkokoteni. Ulifungua daftari, ukaandika mifuko minne chini ya deni ambalo sikuwa nimelipunguza, kisha ukamwita kijana wako aniletee mzigo umefunikwa turubai. Kwa unga huo vijana wangu watatu waliendelea kupata ujira wao, na mikate ikafika madukani kila alfajiri.

Leo asubuhi nimekutumia kwa simu shilingi 340,000 zilizobaki, ambazo ni za mifuko minne ya mwisho. Ninaomba uzifute daftarini. Kuanzia wiki hii nitachukua mifuko sita kila Jumatatu kwa fedha taslimu.

Mikate mitatu ya maziwa aliyonayo mleta barua ni ya nyumbani kwako. Msalimie sana Bibi.

Wako mwenye shukrani,
Mama Saumu