Foleni ya OPD mwezi wa nane: tiketi zinasema tatizo ni saa, sio idadi ya madaktari

Mganga mfawidhi shikamoo, matroni shikamoo, na wengine wote habari za kazi. Kwenye kikao mlisema nichambue zile tiketi za mashine ya foleni ili tukienda kuomba watumishi tuwe na kitu mkononi. Nimechambua, ila majibu hayajaenda tulikotegemea, kwa hiyo someni mpaka chini kabla hamjaanza kubishana.

Nimechukua mwezi wa nane 2025, siku za kazi tu, foleni ya kumwona daktari tu (kliniki ya mama na mtoto wana mashine yao na utaratibu wao, sijawagusa). Faili lilitoka na mistari 2,611. Nimetoa tiketi za majaribio na zile za mtu mmoja kubonyeza mara mbili mara tatu akidhani printa imegoma, hizo ni 143, halafu nikatoa wikiendi na tarehe 8 kwa sababu Nane Nane mji wote ulikuwa umehamia Uyole kule viwanja vya John Mwakangale, hizo 108. Zimebaki 2,360 kwa siku 20, yaani tiketi 118 kwa siku. Kila siku ya wiki imeingia mara 4, hakuna siku iliyopendelewa.

Kitu kimoja kabla hamjafungua faili wenyewe: sava inaandika saa za UTC, iko nyuma yetu masaa matatu. Ukiangalia utaona tiketi ya kwanza imetoka 04:30 na utajiuliza nani alifungua mapokezi usiku wa manane. Ongeza masaa matatu inakuwa 07:30, ambayo ndio saa moja na nusu yetu. Fomula nilizotumia ni hizi, B ni saa tiketi ilipotoka, C ni saa ilipoitwa, F ni saa sahihi, G ni dakika za kusubiri, H ni lisaa alilochukua tiketi:

```
F2: =B2+TIME(3,0,0)
G2: =IF(C2="","",(C2-B2)*1440)
H2: =HOUR(F2)
=MEDIAN(IF((H$2:H$2361=8)*(G$2:G$2361<>""),G$2:G$2361))
```

Ile ya mwisho kwa Excel ya zamani lazima ubonyeze Ctrl+Shift+Enter, la sivyo inakupa namba ya ajabu.

Nimetumia namba ya kati badala ya wastani kwa sababu kuna tiketi zimekaa masaa sita, sio kwamba mgonjwa alisubiri masaa sita, ni kwamba hakuna aliyebonyeza batani ya kuita mpaka jioni mtu akawa anafunga sistimu. Chache kama hizo zinaharibu wastani wote.

Haya, meza yenyewe hii hapa, saa zote za kwetu. Vyumba "vinavyotakiwa" nimepata kwa kuchukua wanaoingia kwa lisaa, mara dakika 8, gawa kwa 60. Dakika 8 zimetoka wapi? Mashine inasema kuita mpaka kufunga ni kama dakika 6, nikaongeza 2 za yule anayerudi na majibu ya maabara maana huyo hana tiketi, anagonga mlango tu anaingia, na nilikaa benchi la chumba namba 1 na saa mkononi nikahakikisha.

| Saa | Tiketi kwa siku | Kusubiri (dk, kati) | Vyumba vilivyokuwa wazi | Vinavyotakiwa |
|---|---|---|---|---|
| 1:30–2 asubuhi | 21 | 94 | 0 | 5.6 |
| 2–3 | 29 | 139 | 0.5 | 3.9 |
| 3–4 | 22 | 137 | 3 | 2.9 |
| 4–5 | 16 | 121 | 1.5 | 2.1 |
| 5–6 | 11 | 98 | 3 | 1.5 |
| 6–7 mchana | 7 | 71 | 3 | 0.9 |
| 7–8 | 5 | 38 | 2 | 0.7 |
| 8–9 | 5 | 11 | 3 | 0.7 |
| 9–9:30 | 2 | 5 | 3 | 0.5 |

Angalieni mistari miwili ya juu. Kufika saa tatu watu 50 wameshachukua tiketi na walioonwa ni kama 4. Yaani karibu nusu ya wagonjwa wa siku nzima wameshakaa kwenye benchi kabla vyumba vyote havijafunguliwa, kwa sababu saa moja na nusu mpaka karibu saa tatu madaktari wote watatu wako kwenye kikao cha asubuhi na kupitia wodi. Foleni inazaliwa hapo na kuanzia hapo sisi tunaikimbiza tu, haiishi mpaka saa nane.

Halafu chai. Kati ya saa nne na saa tano kasoro robo chumba kimoja ndicho kinachoita, viwili kimya. Sisemi watu wasinywe chai, kwa baridi hii ya mwezi wa nane mtu asipokunywa chai atazimia yeye badala ya mgonjwa, lakini kutoka wawili kwa pamoja wakati nje kuna watu zaidi ya arobaini hapo ndipo foleni inapopanda tena badala ya kushuka. Saa nne inaanza na watu kama 46 wanaongoja, saa tano inakuta 51.

Sasa jumlisheni. Kazi ya siku ni tiketi 118 mara dakika 8, hayo ni masaa 15.7. Vyumba vilivyokuwa wazi kwa siku ukijumlisha ni masaa 17.5. Kwa siku ya kawaida madaktari wanatosha, ila wapo mchana wakati watu wamekuja asubuhi. Kuanzia saa nane na nusu vyumba viwili kati ya vitatu havina mtu, na wote tunajua humo ndani kunakuwa na simu na stori za ligi. Tukienda halmashauri na karatasi inayosema tunataka madaktari wawili zaidi, mtu yeyote mwenye akili atauliza mbona mchana vyumba vinakaa tupu na hatutakuwa na jibu.

Isipokuwa Jumatatu. Jumatatu ni tiketi 152, siku zingine ni kama 110. Mara dakika 8 inakuwa masaa 20.3 na sisi tuna 17.5, hiyo ni pungufu ya kweli kwa mpangilio wa sasa. Kusubiri kwa kati Jumatatu kwa wale wa saa mbili ni dakika 174.

Nichukue tiketi moja muone. A047, Jumatatu tarehe 18. Imetoka mashine saa 2:26. Imeitwa saa 5:21, imefungwa 5:27. Masaa matatu kasoro dakika tano kwa dakika sita za daktari. Akatumwa maabara, tunajua hivyo kwa sababu tiketi ya famasi ya mtu huyo huyo imetoka saa 7:02, dakika 95 baadaye, na kipimo cha malaria cha haraka chenyewe ni dakika 15 mpaka 20. Muda mwingine wote alikuwa wapi? Hatujui, hapo hakuna tiketi. Kama ametoka Mbalizi na daladala ya saa kumi na mbili basi siku yake imeisha hapo.

Kuna mambo matatu data haisemi vizuri na mtu akija kuwabishia mjue.

La kwanza, hizo dakika 94 za mstari wa kwanza ni uongo wa kupendeza. Tiketi 18 za kwanza kila siku zinatoka ndani ya dakika sita mashine ikiwashwa, maana watu wamekuwa getini tangu saa kumi na mbili na mlinzi anawapa vipande vya karatasi vyenye namba za kalamu. Kusubiri kwao halisi ongezeni lisaa na zaidi. Mashine ingewashwa saa kumi na mbili na nusu tungekuwa na picha kamili, na kuiwasha ni kazi ya mlinzi, haihitaji mtu wa kompyuta.

La pili, tiketi 196 hazina muda wa kuitwa kabisa. Baadhi ni wazee, wajawazito na watoto waliopitishwa mbele kwa mkono, hilo ni sawa na linatakiwa liwe hivyo, ila 131 kati yao zimechukuliwa kati ya saa mbili na saa nne, pale pale kwenye kilele, na dada wa mapokezi anasema wengi ni watu waliochoka wakaenda duka la dawa barabarani. Hawa hawamo kwenye zile dakika za kusubiri. Kwa hiyo namba za kwenye meza ni za waliovumilia.

La tatu batani. Tarehe 19 kuna chumba kimeita tiketi tano ndani ya sekunde arobaini halafu kikakaa nusu saa kimya. Simtaji mtu, lakini ukiita watu watano wasimame mlangoni sistimu inaandika wote wameonwa haraka, na takwimu inakuwa nzuri kuliko hali. Tafadhali aitwe mmoja, afungwe, ndio aitwe mwingine.

Bima sina cha kusema sana, mtandao ukikatika dirisha lile linasimama na tiketi zinasogea kwa mkupuo, lakini ilitokea asubuhi chache tu. Famasi kilele chao ni saa saba, ni wagonjwa wetu hao hao wa asubuhi wanawafikia, tukirekebisha huku kwao kutajirekebisha.

Ninachopendekeza kwa rosta ya mwezi wa kumi: wawili kwa zamu wasiingie kikao cha asubuhi, wafungue vyumba saa moja na nusu hiyo hiyo wanayosaini, wa tatu ahudhurie kikao apite wodi awaletee taarifa. Chai atoke mmoja mmoja. Kwa hesabu ya karatasini kufika saa tatu watakuwa wameonwa kama 22 badala ya 4, foleni inakwisha saa saba, na mtu wa saa mbili na nusu anayeingia sasa hivi karibu saa tano ataingia saa tatu na dakika arobaini. Hakuna aliyeongezewa hata dakika ya kazi. Jumatatu mpango huu unafikisha kama masaa 20.75 dhidi ya 20.3, hiyo ni kukaba koo, daktari mmoja akiumwa mafua imekwisha, kwa hiyo Jumatatu naomba yule tabibu anayeandika ripoti za MTUHA ahamishie ripoti Jumanne na akae chumba namba 4 kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Chumba hicho kina meza na kiti, kinakosa taa tu.

Matroni naomba jibu kabla ya Ijumaa saa sita maana rosta inabandikwa Jumamosi. Mkikubali nitatoa faili jipya baada ya wiki mbili kwa fomula hizi hizi, na cha kwanza nitakachoangalia sio dakika, ni ule mstari wa saa mbili mpaka saa tatu kwenye vyumba vilivyokuwa wazi kama bado umesoma 0.5.