Agizo la kuhariri picha: notlesi za kati, uso na shingo visiguswe

Umepewa picha mbili. Picha ya 1 ni ya mteja wa saluni, na ndiyo utakayoihariri. Picha ya 2 ni ya mwanamke mwingine aliyesukwa notlesi. Hiyo ni ya kuangalia msuko tu. Badilisha nywele za mteja kwenye Picha ya 1. Uso, masikio, shingo, mabega, nguo, hereni, ukuta na mwanga vibaki vilevile vilivyo.

Matokeo haya yatamsaidia mteja na msusi kuamua kabla rasta hazijanunuliwa na kabla hajakaa kwenye kiti kwa saa nyingi. Kwa hiyo usimpendezeshe. Picha nzuri isiyo yake haina kazi hapa.

Kushoto na kulia katika agizo hili ni kwa anayeitazama picha, si kwa aliye pichani.

PICHA YA 1 ILIVYO

Pikseli 1536 kwa 2048, imesimama wima, imepigwa kwa simu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ngozi ya maji ya kunde iliyokolea, amegeuza uso kidogo kuelekea kulia, kwa hiyo sikio la kushoto linaonekana lote na la kulia linaonekana ncha tu. Nywele zake ni za asili, fupi, amezibana nyuma kishungi. Mstari wa nywele unaonekana wote kuanzia panja hadi panja. Mboni za macho ziko kwenye kimo cha pikseli 890 kutoka juu, mstari wa nywele katikati ya paji uko 610, kidevu 1290. Kishungi kinaishia juu kwenye 350. Kwa kipimo hicho, sentimita moja ya kichwa chake ni takriban pikseli 38. Tumia hesabu hiyo kwa vipimo vyote vilivyo hapa chini.

Mwanga unatoka dirishani, upande wa kushoto, laini, juu kidogo ya kimo cha macho. Shavu la kushoto na upande wa kushoto wa paji vina mng'ao. Chini ya taya ya kulia kuna kivuli kinachoshuka hadi shingoni. Ukuta nyuma ni wa kijani hafifu, unaingia giza polepole kuelekea kulia.

VISIVYOGUSWA

Kila kitu kilicho chini ya mstari wa nywele na mbele ya masikio kichukuliwe kutoka Picha ya 1 kama kilivyo, usikichore upya. Usisawazishe ngozi. Madoa ya chunusi shavuni, kidoti cheusi upande wa kushoto wa shingo, mikunjo miwili ya shingo na weusi ulio chini ya macho ni vyake, vibaki. Nyusi zisijazwe. Midomo isiongezewe rangi. Tabasamu lisipanuke. Taya isipunguzwe.

Rangi ya ngozi isipande hata kidogo. Kosa hili hutokea zaidi pale nywele mpya zikiwa nyeusi sana: picha nzima hung'arishwa ili kupata uwiano, na mteja anatoka mweupe kuliko alivyoingia. Nywele zikikolea, acha zikolee. Usirekebishe mwanga wa picha kwa ajili yake.

Shingo ni sehemu ya pili inayoharibika. Nywele ndefu huelekea kumwagwa mbele, zikafunika shingo, kisha shingo inachorwa upya kwa kukisia, nyembamba na ndefu zaidi. Hapa hakuna msuko hata mmoja unaopita mbele ya shingo wala mbele ya mabega. Zote zimerudishwa nyuma.

PANJA LA KUSHOTO

Soma sehemu hii mara mbili. Kwenye panja la kushoto nywele zimekatika: kuna eneo la upana wa sentimita 1.5 hivi, juu kidogo ya sikio, ambalo lina malaika tu. Usilijaze. Usivute mstari wa nywele mbele ili ulingane na panja la kulia. Usianzishe msuko ndani ya eneo hilo, kwa sababu msusi hana nywele za kushika pale, na akilazimisha atazidi kuzing'oa. Msuko wa kwanza uanzie pale nywele zenye urefu zinapoanza, nyuma ya eneo hilo, na malaika yaachwe nje kama yalivyo, bila kulazwa kwa jeli na bila kuchorwa viduara kwenye paji. Mteja anataka kuona hasa sehemu hii itakavyoonekana akisukwa. Ukiificha, picha imekosa maana yake.

MSUKO

Notlesi za ukubwa wa kati, rasta rangi namba 1B, yaani nyeusi isiyo kolevu kabisa. Kutoka Picha ya 2 chukua mambo matatu tu: unene wa msuko, mpangilio wa viboksi na jinsi misuko inavyolala. Usichukue kutoka humo paji, umbo la kichwa, rangi ya ngozi, mwanga wala vipuli. Katika Picha ya 2 njia ya nywele iko kulia. Kwa mteja iwe kushoto, ianzie juu ya katikati ya nyusi ya kushoto na kurudi nyuma kuelekea utosini, imepinda kidogo.

Viboksi viwe vya upana wa sentimita 2, karibu pikseli 75, vimepishana kama matofali ya ukuta ili mistari ya ngozi isifuatane kutoka mbele hadi nyuma. Kutokana na pembe ya kamera, viboksi vinaonekana vifupi zaidi kadiri vinavyokaribia utosi na vyembamba zaidi kuelekea upande wa kulia. Usivichore vyote sawa. Kwenye safu ya mbele ionekane misuko 10 au 11. Ikizidi 14 unachora misuko midogo, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Shina ndilo linalotofautisha notlesi na rasta za kawaida. Msuko unaanza na nywele za mteja mwenyewe, kwa hiyo shinani ni mwembamba, kama milimita 4, na umelala bapa kichwani. Rasta inaongezwa kidogo kidogo, na unene unafika milimita 8 baada ya sentimita 4 au 5. Pasiwe na fundo wala uvimbe mahali msuko unapotoka kwenye ngozi. Kila msuko ni wa pingili tatu zinazopishana. Pingili ziendelee bila kukatika, zisiyeyukiane na za msuko wa jirani, na zisigeuke kuwa nywele zilizosokotwa njia mbili. Pale misuko inapopandana nyuma ya sikio ndipo hesabu hupotea: afadhali uonyeshe misuko michache iliyo kamili kuliko mingi isiyojulikana inaelekea wapi.

Ngozi inayoonekana kati ya viboksi iwe na rangi inayokaribiana na ya sehemu ya juu ya paji, nyepesi kwa kiasi kidogo sana. Si nyeupe, si kijivu. Mistari isiwe kama imepigwa kwa rula. Kitana hunyoosha, lakini nywele fupi chache hubaki zimechomoza ukingoni.

Misuko yote imerudi nyuma, inapita nyuma ya sikio la kushoto na kuliacha wazi pamoja na hereni yake. Urefu ni hadi kiunoni, ila picha inaishia kifuani, kwa hiyo kinachoonekana ni misuko inayoshuka nyuma ya shingo na kupotea nyuma ya mabega. Kati ya shingo na bega, pande zote mbili, misuko izibe sehemu ya ukuta. Ukingo wa shingo wenyewe usisogee.

UJAZO WA KICHWA

Misuko inaongeza sentimita 1.5 juu ya fuvu, si zaidi. Fuvu lake liko kwenye pikseli 520, hivyo nywele mpya zisipande juu ya 460. Kishungi cha sasa kinaondoka, na ukuta uliokuwa nyuma yake, kati ya 350 na 460, ujazwe kwa kijani hicho hicho na kwa mteremko ule ule wa mwanga kutoka kushoto kwenda kulia. Pasibaki ukungu wala duara la rangi tofauti lenye umbo la kishungi.

MWANGA JUU YA NYWELE MPYA

Mwanga wa Picha ya 1 ndio unaotawala. Kila msuko uwe na ukingo wa kushoto wenye mng'ao hafifu na ukingo wa kulia wenye kiza. Rasta mpya hung'aa kuliko nywele za asili, lakini kwa dirisha laini mng'ao huo ni mpana na dhaifu. Vidoti vyeupe vikali ni vya taa ya studio, na hapa hakuna taa. Misuko iliyo nyuma ya shingo iwe na giza kuliko ya juu ya kichwa.

Kwa kuwa nywele zimevutwa nyuma, hazitupi kivuli usoni wala shingoni. Kivuli kipya kinachoruhusiwa ni kile kidogo kilicho chini ya msuko pale unapogusa ngozi ya kichwa, na cha msuko juu ya msuko mwenzake. Basi.

Ukali wa picha nao ulingane. Macho ndiyo yaliyo makali zaidi. Misuko ya mbele isizizidi kope kwa ukali, na iliyo nyuma ya sikio iwe na ukungu kidogo. Chembechembe za kamera ya simu ziwepo kwenye nywele pia, la sivyo zitaonekana kama zimebandikwa.

UKIGONGANISHA MASHARTI

Ikiwa sharti moja haliwezi kutimia bila kuvunja jingine, fuata mpangilio huu: uso na shingo kwanza, kisha panja la kushoto, kisha mwanga, kisha msuko. Afadhali msuko uwe na kasoro kuliko sura kusogea.

Kabla ya kutoa picha, iweke juu ya Picha ya 1. Mboni, pembe za midomo, kidoti cha shingo na hereni vikae pale pale pasipo tofauti ya hata pikseli moja. Tofauti pekee inayotakiwa ni ndani ya eneo la nywele, sehemu za ukuta zilizozibwa na misuko, na pale kishungi kilipokuwa.

MATOKEO

Toa picha mbili, PNG, kila moja pikseli 1536 kwa 2048, bila kukata, bila fremu, bila maandishi, na usiziweke ubavuni kwa ubavu ndani ya picha moja.

Ya kwanza ni 1B yote, kama ilivyoelezwa.

Ya pili itokane na ile ya kwanza iliyokamilika, si kwa kuanza upya kutoka Picha ya 1, ili kila msuko ubaki mahali pake. Humo rangi ya rasta ibadilike kutoka 1B kwenda namba 30, kahawia yenye wekundu, kuanzia kimo cha ndewe ya sikio kushuka chini. Mpito uchukue sentimita 6 hivi, na usiwe mstari mmoja ulionyooka kwa misuko yote, kwa sababu vipande vya rasta havianzi kimo kimoja. Juu ya ndewe pabaki 1B. Wekundu wa namba 30 usiakisiwe kwenye shingo wala kwenye taya.