Kichupa cha Asumini

Kijana alipita mbele ya kimeza changu cha manukato pale soko la Darajani mara tatu, macho chini. Mara ya nne nikamwita.

"Shikamoo," akanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Unamtafutia nani?"

"Mama." Akafungua kiganja: shilingi elfu tatu, zimelowa jasho.

Nikamfungulia mafuta ya udi, akapiga chafya. Nikamfungulia ya waridi, akatikisa kichwa. Wengi huchagua chupa kwa kuitazama. Huyu alifumba macho.

"Mama yako alikuwa akinukia nini ulipokuwa mdogo?"

Akakaa kimya, nami sikumharakisha.

"Kikuba cha asumini," akasema mwishowe. "Alikuwa akikivaa kila jioni. Tangu baba afariki, havai tena."

Nikachukua mafuta ya asumini, nikamtia tone moja kwenye kifundo cha mkono. "Usisugue. Yaache yapate joto la mwili."

Akanusa. Akanusa tena, taratibu, na mabega yake yakashuka.

Nikamjazia kichupa, nikakifunga uzi, nikachomeka maua mawili mabichi ya asumini. Nikapokea elfu mbili tu.

"Nikimpa nimwambie nini?"

"Mpe tu, mwanangu. Atanusa."