Idrisa, huna deni kwangu

Assalaam alaykum Idrisa. Ni mimi Anti Rehema.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Simu ikiita inamtaka mtu apokee hapo hapo, awe tayari au asiwe. Ujumbe huu usome utakapotaka. Ukichoka uache katikati. Hauhitaji jibu.

Nianze na lililo muhimu ili mengine uyasome ukiwa na raha: sijakasirika. Alhamisi kadhaa zimepita hujaja kwenye vikao vyetu, na nimekuwazia, lakini sikukuwazia kwa ubaya hata kidogo. Hapa kwetu mtu haandikwi utoro. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna barua inayokwenda shuleni, wala huhitaji kuja na sababu. Ukirudi baada ya mwezi au baada ya mwaka, sitakuuliza "ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nitakukaribisha, tutaendelea na lolote utakalokuja nalo siku hiyo.

Mama alinipigia wiki iliyopita kuuliza kama bado unakuja. Nilimwambia habari za kuja au kutokuja akuulize wewe mwenyewe, na nikamwomba asikugombeze. Akasema hana nia hiyo, yeye anachotaka ni kukuona umetulia. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Nakueleza mapema usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani watu wazima wanakuteta. Tuliyozungumza mimi na wewe yamebaki palepale tulipoyazungumzia, na ndiyo maana hata humu siyataji. Simu hushikwa na wengi, hasa nyumba yenye wadogo.

Najua una mambo mengi. Mama alipokuwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, kila la nje lilikuangukia wewe. Sokoni wewe, dukani wewe, kuwapeleka wadogo chuoni wewe, na bado una Kidato cha Tatu chako kinakusubiri. Kisha kila mgeni aliyekuja kuhani alikushika bega akakwambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Nimewasikia kwa masikio yangu siku niliyokuja kwenu. Wanasema kwa mapenzi, sina shaka, lakini mimi silipendi neno hilo. Wewe una miaka 16. Unaweza kumsaidia mama, na unamsaidia kweli, bila kuwa baba wa mtu yeyote. Ukiwa mtoto mkubwa inatosha.

Nimefanya kazi na vijana waliofiwa kwa muda mrefu, na kuna jambo ningependa ulijue, uje au usije. Siku za msiba nyumba inajaa. Turubai liko uani, majamvi yametandikwa, sufuria za pilau ziko jikoni, jamaa kutoka Pangani na Muheza wamelala hadi barazani. Mtu hapati hata nafasi ya kufikiri. Halafu inasomwa hitima ya arobaini, viti vinarudishwa vilikoazimwa, na watu wanarudi kwenye maisha yao. Hapo ndipo kwa wengi uzito unapoanza. Na kwa kuwa msiba "umekwisha", mtu anaona haya kusema kwamba kwake yeye ndiyo kwanza umeanza.

Huo uzito hauji na sura ya machozi peke yake. Kuna anayesoma ukurasa mmoja mara nne asiambulie kitu. Kuna anayewafokea wadogo zake kwa sababu ya kikombe, kisha akajilaumu usiku kucha. Mwingine hula sana, mwingine chakula hakipiti. Mwingine hucheka na wenzake uwanjani, halafu akanyamaza ghafla kwa kuona kama amemkosea marehemu kwa kucheka. Sikwambii haya kwa sababu nimeyaona kwako. Nakwambia ili ukikutana na mojawapo, ujue hujaharibikiwa akili wala imani yako haijapungua. Kulia hakuvunji subira. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema machozi yale ni rehema.

Lipo na jambo jingine. Pengine huji kwa sababu kikao chetu cha mwisho kilikuwa kizito. Hutokea sana. Mtu anasema jambo alilolibeba peke yake, wakati ule anajisikia mwepesi, akifika nyumbani anaanza kujiuliza, "Kwa nini nimesema vile? Anti atanionaje sasa?" Baada ya hapo mlango wa ofisi unakuwa mgumu kuusogelea, kama uso wa mtu uliyemwonyesha jeraha. Kama ndivyo ilivyo, basi nikujibu: ninakuona vilevile nilivyokuona siku ya kwanza. Kijana mwenye adabu, anayewapenda watu wake, aliyefikwa na jambo kubwa. Hakuna ulichosema kilichokupunguza kwangu.

Na kama sababu ni nyingine kabisa, pia ni sawa. Labda umepata nafuu na huoni haja ya kuja. Hilo litanifurahisha kuliko yote. Labda wenzako wamekuona ukiingia kwetu wakaanza maneno kwamba wanaokwenda pale ni wenye matatizo ya akili. Labda nauli ya daladala imekuwa shida. Ofisi ina fungu dogo la nauli za vijana, unalichukua mapokezi bila maelezo, na wanaolitumia ni wengi. Labda mimi mwenyewe sikufai: niulizavyo, niongeavyo, au kwamba mimi ni mwanamke na wewe ungependa kuzungumza na mwanaume. Hili liseme bila kuniogopa. Yupo mwenzangu hapa, mwanaume, mtu mzima mtaratibu, naye anakaa na vijana kila Jumatatu. Nitakukutanisha naye kwa moyo mweupe, na hatahitaji kusimuliwa chochote na mimi ila utakachoniruhusu wewe.

Ukitaka kuja kwa namna nyingine, namna zipo. Si lazima tukae kwenye kile chumba na mlango umefungwa. Kuna benchi chini ya mwarobaini. Kuna wanaopenda kutembea, tunashuka nao hadi Raskazone, tunaangalia bahari, wakati mwingine hatusemi lolote mpaka tunarudi. Tunaweza kukaa robo saa badala ya saa nzima. Tunaweza kuzungumza kwa simu jioni. Unaweza kuniandikia tu. Na unaweza kuja tukaongea habari za mpira pekee. Siku ile ulivyobishana na mlinzi wetu pale getini juu ya Coastal Union na African Sports, jengo zima lilikusikia. Ulipoanza kumhadithia vile baba yako alivyokuwa akiusimulia ubingwa wa Wagosi wa mwaka 1988, yule mzee alikuwa na majibu yake tayari, lakini aliacha kubisha akakaa kukusikiliza. Mpaka leo ananiuliza, "Yule kijana wangu wa Coastal yuko wapi?" Namwambia yupo, ana shughuli. Hajui zaidi ya hapo na hatajua kwangu.

Nalikumbuka jambo hilo kwa sababu ulikuwa unamtaja baba kwa furaha. Watu wengine, wakitaka kukusaidia, huacha kabisa kumtaja marehemu mbele yako. Kama nyumbani hakuna anayethubutu kulitaja jina lake na wewe unatamani kulitaja, litaje. Mwombe baba mdogo akusimulie ya ujana wao. Au mpigie mzee wetu wa getini hadithi nyingine.

Sasa kuna neno moja nitalisema wazi, kwa kuwa ni kazi yangu na kwa kuwa nakujali. Ikitokea usiku mawazo yakakubana hadi ukajikuta unafikiria bora usingekuwepo, au unafikiria kujidhuru, usikae nayo peke yako mpaka kuche. Mwamshe mama. Kama kwa mama inakuwia vigumu, mwamshe baba mdogo. Au piga 116, ni simu ya watoto, ni bure, na anayepokea amezoea kusikia mambo hayo bila kushtuka. Mimi pia nipigie, saa yoyote, hata kama hujaja kwa miezi. Hapo hutakuwa umenisumbua. Unakumbuka nilikwambia siku ya kwanza kwamba siri zako ni zako, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Pakifika hapo nitahitaji kumshirikisha mtu wa kukulinda, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijafanya hivyo. Sijakuandikia haya kwa sababu nina wasiwasi fulani juu yako. Kila kijana ninayekaa naye namwambia.

Alhamisi saa kumi bado naiacha wazi hadi mwisho wa muhula huu. Usiione kama ahadi uliyonivunjia. Usipotokea, saa hiyo mimi huandika taarifa zangu na kunywa chai, kwa hiyo hakuna kinachoharibika. Muhula ukiisha huenda nikampa mtu mwingine saa hiyo, na hata hapo ukinitafuta tutapata siku nyingine. Nafasi yako haifutiki kwa kutokuja.

Kuhusu daftari lako la bluu ulilolisahau mezani: liko salama. Nililitia kwenye bahasha, nikagundisha, nikaandika jina lako la kwanza tu, liko kabatini kwangu na ufunguo ninao mimi. Sijalifungua. Ukilitaka bila kuzungumza na mtu, niandikie neno "daftari" na siku, nitaliacha mapokezi kwa Mwanaidi, naye atakupa bila swali. Ukitaka libaki kwangu, litabaki.

Ukipenda kunijibu, hata "nimeona" inatosha. Usipojibu, nitakuandikia tena mara moja, mfupi, shule zitakapofungwa, kukujulia hali tu. Na kama hata huo hutaki, niambie "usiniandikie", nitaheshimu, na mlango wetu utaendelea kuwa wako.

Wasalimie wadogo zako. Mwambie mama nimemwombea dua.

Wasalaam,
Anti Rehema