Kiti cha Nyuma ya Mlango

Basi la mwisho la Muheza linaondoka stendi ya Kange, Tanga, saa tatu na nusu usiku, au likijaa, au suka akimaliza kahawa yake. Linaloshika ni lile litakalochelewa zaidi. Nimelipanda miaka miwili na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku za mtihani wa majaribio mpaka Jumamosi.

Asubuhi napiga deki katika ofisi moja mjini. Saa kumi na moja jioni naingia darasani Ngamiani, chumba cha kukodi juu ya duka la vyombo, watu ishirini na kitu tumebanana: mabodaboda, mama lishe wawili, babu mmoja mstaafu wa bandari ambaye hakuna anayejua anachotafuta. Mimi niliishia darasa la saba mwaka 2002. Nikakaa, nikaolewa, nikazaa, halafu siku moja pale kazini wakatafuta msimamizi wa usafi, kazi ninayoijua kuliko aliyekuja kunifundisha, wakaniuliza cheti cha kidato cha nne. Basi. Nikafanya Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, nikapita, nikaandikishwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kusoma mle ndani ya basi kuna ufundi wake. Suka hawashi taa ya ndani, anasema inampiga kwenye kioo haoni barabara, na kweli, usiku ule mlangoni mwa mashamba ya mkonge ng'ombe hupita wakijisikia. Taa pekee ni kile kibalbu cha juu ya ngazi. Kwa hiyo mimi kiti changu ni cha nyuma ya mlango, cha mtu mmoja, kile ambacho sponji imekwisha na chuma kinakuchoma. Kibalbu kikizima, nashika kitochi kwa meno. Mate yananidondoka kwenye daftari, wino unasambaa. Kurasa zangu za Baiolojia ukizitazama utadhani zimenyeshewa.

Konda wetu ni kijana mwembamba, Shebe, mdomo kama cherehani. "Muheza, Muheza mwisho hii, ukiachwa unalala na bundi!" Mimi alinipa jina la Profesa. Nikipanda anamfukuza aliyekaa kwenye kiti changu: "Kaka, sogea huko, hapo pana mwenyewe, ana mtihani Novemba." Abiria wanacheka. Kuna mama mmoja wa machungwa, kila siku ananitazama kisha anamwambia jirani yake, kwa sauti ya kunisikilizisha, "Na mumewe anakula wapi?"

Swali la haki. Mume wangu hakunikataza hata siku moja. Alianza tu kula kwa dada yake, na nikirudi saa nne na nusu nakuta sufuria safi, zimefunikwa.

Masika ya mwaka jana ndiyo yaliyonimaliza. Tulirudishiwa majaribio ya Hisabati siku ambayo mvua ilikuwa imeanza tangu alasiri. Mwalimu wetu hana tabia ya kusoma maksi kwa sauti, anakupa karatasi kaigeuza chini. Nikaifunua: 21. D inaanzia 30. Na si kwamba sikusoma! Mengine nilikosa kwa Kiingereza, maana darasa la kwanza hadi la saba tulihesabu kwa Kiswahili, leo swali lenyewe linakuuliza kwa lugha ya watu kabla hujafika kwenye namba. Lakini la kwanza kabisa halikuwa na Kiingereza hata chembe. Lilikuwa hivi:

7 − 2(x − 3) = 5

Nikapata −2. Mwalimu alikuwa amezungushia duara jekundu alama moja tu, ile hasi, akaandika pembeni: "Tena?" Kwa sababu alishaniambia mara nne.

Ile "Tena?" ndiyo iliyoniuma, 21 ningeivumilia.

Kwenye basi usiku ule sikufungua kitu. Maji yalikuwa yanaingia kwa juu ya dirisha, tumepita Pongwe kimya, mtoto wa mtu analia. Nikapiga hesabu nyingine, isiyo na mabano: nauli ya kwenda na kurudi, ada ya mwezi, ile sufuria safi. Nikamkumbuka na binti yangu aliyeniuliza, "Mama, kwani ukifaulu utakuwa nani?" nikakosa jibu la haraka. Tulipofika Muheza nikalisukuma daftari kwa mguu chini ya kiti, nikashuka. Sikulisahau. Naandika hivi kwa sababu kila nikisimulia, watu hunisaidia kusema nilisahau.

Siku tatu nikatoka kazini saa kumi na nusu nikapanda basi la mchana. Kumbe mchana barabara ile ina miembe! Nilikula na watu wangu ugali wa moto. Mume wangu akanitazama, akasema, "Leo wamefunga?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya tatu hakuuliza tena, ila alinisogezea samaki upande wa kichwa, ambao anaujua naupenda, na mimi nikashindwa kula.

Siku ya nne kazini walinichelewesha, wageni walimwaga chai ukumbini. Nikajikuta Kange saa tatu usiku, kama zamani.

"Profesa!" Shebe alinikamata mkono. "Mama'ngu, nilijua umekufa." Akapekua nyuma ya kiti cha suka, chini ya jeki na kanga ya kufutia vioo, akatoa daftari langu. Lilikuwa limefungwa kwa mpira wa kufungia pesa. "Nimekutunzia. Ila samahani, nimeliandika."

Nikakaa kwenye chuma changu, nikafungua. Ukurasa wa mwisho, chini ya masahihisho niliyokuwa nimeyaanza nikayaacha, palikuwa na mwandiko wa mtu anayeandika gari likitembea:

7 − 2x − 6 = 5

1 − 2x = 5

x = −2

Amepigia na mistari miwili chini, kama wanavyofundishwa.

"Nimelipata?" Alikuwa ananing'inia mlangoni, noti zimekunjwa katikati ya vidole. "Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hizi za x nilikuwa naziweza."

Nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni, sijui ya nini. "Shebe! Hiyo 2 ina hasi mbele yake, unaionaje ukaiacha? Inaingia kwenye mabano na hasi yake. Hasi 2 mara x, hasi 2x. Hasi 2 mara hasi 3?"

"Hasi 6."

"Hasi mara hasi!"

Akanyamaza. Gari likaruka tuta, akashika bomba. "Haa," akasema. "Inageuka."

"Inageuka. Inakuwa jumlisha 6. Saba na sita kumi na tatu, toa tano, nane, gawa kwa mbili. Nne. Sasa irudishe pale pa x uone."

"Nne toa tatu moja, mara mbili mbili, saba toa mbili..." Akapiga bati la basi kwa kiganja. "Tano! Suka, ni tano!"

"Tano nini?" suka akafoka. "Nani kashuka hajalipa?"

Yule mama wa machungwa akageuka kututazama sote wawili, akasogeza kapu lake lisinizibe mwanga. Nikatoa kalamu. Sina nyekundu, nina ya bluu. Nikazungushia duara ile hasi ya Shebe, nikataka kuandika pembeni "Tena?", nikaona hapana, nikamwandikia swali la pili.