Barua ya kupinga ada ya huduma za jengo isiyo na mchanganuo

Mlango Na. 14, Ghorofa ya Pili,
Mtaa wa Rwagasore,
Mwanza.
12 Machi 2025

Kwa Meneja wa Jengo,
Ghorofa ya Chini.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA ADA YA HUDUMA YA SH. 424,800 KWA MIEZI YA JANUARI HADI MACHI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 3 Machi kijana wa ofisini kwako aliniletea karatasi ya madai yenye mstari mmoja: "Sevisi chaji, miezi mitatu, 360,000", na chini yake Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, yaani 64,800. Hakuna kilichoandikwa kuhusu fedha hiyo ni ya nini. Niliposhuka kukuuliza, jibu lilikuwa "gharama zimepanda, mama, kila mtu analipa". Kwa kuwa jibu la mdomo halishikiki, nakuandikia.

Nianze na ninachokubali. Kuchangia nakubali, na tangu nipange mlango huu mwaka 2022 nimechangia 45,000 kila mwezi bila kuchelewa. Mlinzi lazima alipwe, ngazi lazima zifagiliwe, na wakati wa wadudu wa ziwani dada wa usafi hufagia mabawa kwa ndoo mbili mbili asubuhi kabla wateja hawajaanza kupanda. Kazi hiyo naiona. Nisichokubali ni kupandishiwa kutoka 45,000 hadi 120,000 kwa mwezi kwa karatasi ya mstari mmoja, tena kwa miezi miwili iliyokwisha kupita kabla ya taarifa kunifikia.

Mkataba wetu, kifungu cha 9, unasema mpangaji atachangia "gharama halisi za huduma za pamoja". Neno "halisi" tuliliweka kwa makusudi. Utakumbuka rasimu ya kwanza ilisema "kiasi kitakachopangwa na menejimenti" na nikakataa kusaini mpaka libadilishwe. Gharama halisi ni ile iliyokwisha kutumika na inayoonekana kwenye bili, risiti au orodha ya malipo. Mkataba haukukupa nafasi ya kukadiria na kunitoza.

Jengo lina milango 22. Ikiwa kila mmoja anatoa 120,000, mnakusanya 2,640,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Nimejaribu kuzitafuta hizo milioni mbili na nusu kwa macho yangu mwenyewe. Taa za ngazi na korido ziko 8, za wati 18 kila moja. Zikiwaka zote saa 12 kila usiku (na mbili ziliungua toka Krismasi) zinakula kama uniti 52 kwa mwezi. Kwa uniti moja ya LUKU kwa bei ya biashara, takribani sh. 357 pamoja na kodi, hiyo ni kama 18,500 kwa jengo zima. Igawe kwa milango 22, haifiki 850 kwa mlango. Umeme wa ndani kila mpangaji ananunua wake.

Jenereta, kwa mwezi wote wa Februari, liliwashwa mara tatu. Ninaandika kwenye daftari langu la oda kwa sababu mashine ya kudarizi ikizimika katikati ya ua, kitambaa cha mteja kimeharibika na hasara ni yangu. Mara zote tatu kwa pamoja hazikuzidi saa 5. Kama kuna dizeli nyingi iliyonunuliwa, nionyeshwe iliingia lini na ilitumika wapi.

Lifti ndiyo sitaki hata kuisikia kwenye hesabu hii. Imesimama tangu Oktoba, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, na majora ya vitenge nayapandisha kwa kumlipa mbeba mizigo kutoka mfukoni mwangu. Iwapo ndani ya 120,000 mna "matengenezo ya lifti", naomba fundi aliyelipwa aje anionyeshe alichotengeneza.

Maji ni suala la pekee. Mita ya MWAUWASA ni moja kwa jengo lote, na mgahawa wa chini unaosha sufuria kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku. Mlangoni kwangu hakuna bomba. Nachota ndoo moja kwa siku ya kulowesha kitambaa, basi. Kugawa bili hiyo sawasawa kwa milango 22 ni kunifanya mimi na yule fundi simu wa jirani tumlipie mgahawa. Sisemi mwenye mgahawa ana kosa, yeye hakupanga hesabu. Nasema mgawanyo ufuate matumizi, au angalau tujue mmetumia kipimo gani.

Kuhusu hiyo asilimia 18: anayetoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ni aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, na karatasi yenu haina namba ya usajili. Risiti nilizopewa miaka yote hii ni za kitabu cha kuandikwa kwa kalamu, hakuna hata moja ya mashine ya EFD. Kama mmesajiliwa, nipeni namba na risiti ya EFD kwa kila ninacholipa. Kama hamjasajiliwa, 64,800 iondolewe leo, haina mjadala.

Kwa hiyo naomba nipatiwe kwa maandishi, kabla ya tarehe 26 Machi, mchanganuo wa mapato na matumizi ya Januari na Februari: bili ya maji, manunuzi ya LUKU ya mita ya jengo, risiti za dizeli, malipo ya walinzi na usafi kwa jumla (mishahara yao kwa majina siihitaji, ni mambo yao), na malipo ya ofisi yako ya usimamizi kama yamo humo. Pamoja na hayo, namna mlivyogawa kwa kila mlango. Kama karatasi ni nyingi, niko tayari kuja ofisini jioni baada ya kufunga duka, nizisome hapo hapo na kupiga picha kwa simu.

Wakati nasubiri, tarehe 10 Machi nimeweka benki, kwenye akaunti ileile ya pango, sh. 135,000, yaani 45,000 kwa miezi mitatu. Nakala ya hati ya benki nimeiambatanisha. Malipo hayo yasichukuliwe kuwa nimekubali kiwango kipya. Mchanganuo ukionyesha kwamba sehemu yangu halisi ni kubwa kuliko hapo, nitaongeza ndani ya siku 7. Ukionyesha ni ndogo, kilichozidi kiingie mwezi wa Aprili.

Jambo la mwisho. Kijana wako aliniambia kwamba asiyelipa mpaka mwisho wa mwezi atakuta kufuli. Pango langu limelipwa mpaka Juni na ndani ya duka kuna nguo za harusi za watu. Kufuli likiwekwa juu ya dai ninalolipinga kwa maandishi, nitapeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya siku hiyo hiyo, nikiwa na mkataba, barua hii na daftari langu la jenereta. Natumaini hatutafika huko. Tumesalimiana vizuri ngazini kwa miaka mitatu.

Tafadhali saini nakala ya pili ya barua hii na kuandika tarehe ya kuipokea.

Wako,

Mama Neema,
Mpangaji, Mlango Na. 14 (ushonaji na darizi)

Viambatanisho: nakala ya karatasi ya madai ya 3 Machi, nakala ya kifungu cha 9 cha mkataba, hati ya benki ya 10 Machi.

Nakala: Mwenye jengo.